Chupa Isiyo na Shahidi

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini waliyasema hayo sokoni. Kwenye gulio mnunuzi wa asali huchovya kidole, huonja, hunusa, huinua dumu kupima uzito kwa mkono, kisha humtazama muuzaji usoni na kumuuliza ni mtoto wa nani. Asali nzuri hujiuza kwa sababu imefunguliwa kifuniko na mwenyewe amesimama pembeni.

Sasa ichukue asali hiyohiyo kutoka Busunzu, wilayani Kibondo, umwoneshe mama aliyeko Mbezi, Dar es Salaam, kupitia simu. Kati yao kuna zaidi ya kilomita elfu moja. Hawezi kuonja, kunusa wala kuinua. Muuzaji hamjui, na hakuna mteja mwingine aliyewahi kuandika kwamba alinunua akaridhika. Kilichobaki ni picha na maneno, na maneno yenyewe kwa kawaida huwa haya:

“Asali mbichi, safi, asilia asilimia 100 kutoka misitu ya Kigoma. Haijachakachuliwa. Inatibu vidonda vya tumbo, kikohozi na nguvu za kiume. Bei poa. Karibuni sana!”

Nimesoma matangazo ya namna hii kwa miaka mingi, na mengine nimeombwa niyanyooshe. Tatizo la tangazo hili ni kwamba hata likiwa la kweli halimsaidii mkweli. Neno “safi” huandikwa na aliyerina asali jana, na huandikwa vilevile na aliyechemsha sukari jikoni usiku. Halimgharimu yeyote kati yao hata senti. Mwaka 1970 mchumi wa Marekani, George Akerlof, alieleza tatizo hili kwa mfano wa magari yaliyotumika: mnunuzi asipoweza kutofautisha gari zima na bovu, hutoa bei ya katikati kwa yote, na mwenye gari zima huona anaonewa, akaondoka sokoni. Kazi hiyo ilimpatia sehemu ya Tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 2001. Warina asali wa Kibondo wanaijua habari hiyo bila tuzo. Wanaiona kila mnunuzi wa mjini anapowakatia bei kwa sababu aliwahi kuuziwa sukari na mtu mwingine kabisa.

Muuzaji mpya, basi, ana kazi moja katika maelezo yake: aandike sentensi ambazo mwongo angeogopa kuziandika. Na mwongo huogopa sentensi ambayo mnunuzi anaweza kuishika ikiwa ya uongo. Tuone kazi hiyo inavyofanyika kwa muuzaji wa mfano: kijana wa Busunzu mwenye ndoo tatu za lita 20 kutoka kwenye mizinga ya baba yake mdogo. Anauza kwa WhatsApp na Instagram. Hana mteja hata mmoja wa kumtolea ushuhuda.

Anza na mizani

Swali la kwanza la mnunuzi makini huwa fupi: “Kaka, hiyo bei ni ya lita au ya kilo?” Wauzaji wengi hujibu kwamba ni kitu kilekile. Hapo ndipo imani inapoanza kuvuja, maana kwa maji jibu hilo ni sahihi na kwa asali si sahihi. Asali ni nzito. Lita moja ya asali iliyokomaa huwa na uzito wa takriban gramu 1,400 hadi 1,420, kutegemea unyevu wake na joto la siku. Ndoo ya lita 20 ikijaa hubeba takriban kilo 28 za asali.

Tuseme kijana wetu anauza lita kwa Sh 15,000. Mnunuzi aliyezoea kununua kwa kilo akigawanya, anapata kama Sh 10,700 kwa kilo. Lakini muuzaji akiandika “kilo Sh 15,000” na mwingine akaandika “lita Sh 15,000”, bei zinaonekana sawa huku wa pili anatoa karibu gramu 400 zaidi. Mnunuzi akiligundua hilo baadaye kwa yule wa kwanza, hata kama hakukusudiwa udanganyifu, atajiona amepunjwa.

Kwa hiyo sentensi ya kwanza ya maana katika maelezo ni hii: “Chupa moja ni lita moja. Chupa tupu na kifuniko chake ina gramu 60. Ikijaa ina kati ya gramu 1,460 na 1,480. Ukiipokea, ipime.” Bila shaka uzito wa chupa aupime kwa chupa zake mwenyewe. Mama wa Mbezi anaweza kuwa na mizani ya jikoni, au duka la jirani linayo. Huenda asipime kamwe. Lakini amekwishaona kwamba mtu huyu amempa kipimo cha kumshtakia, na watu hawampi mnunuzi kipimo kama wamepunguza.

Kipimo hiki kinakamata nini hasa? Kinakamata maji. Tuseme mtu amechukua sehemu tisa za asali nzuri akaongeza sehemu moja ya maji. Lita yake sasa ina takriban gramu 1,375, yaani imepungua kama gramu 40. Hizo huonekana kwenye mizani ya jikoni ya kidijitali, na ikiwa asali ya mwanzo ilikuwa na unyevu wa asilimia 18, sasa imefika takriban 24. Asali hiyo haitakaa: itaanza kuchacha, itoe povu juu, inuke kama pombe na kuvimbisha kifuniko.

Kisichokamatwa na mizani ni sharubati nzito ya sukari. Mtu akichemsha sukari hadi ikaribie uzito wa asali, mizani itanyamaza. Maelezo yenye kuaminika hayadai kwamba mizani inathibitisha kila kitu. Yanasema inathibitisha ujazo na kwamba hakuna maji yaliyoongezwa, kisha yanaishia hapo.

Usimpe mnunuzi kipimo cha kijiti

Hapa wauzaji wengi wapya huteleza. Wakijua mnunuzi anaogopa sukari, humwambia: chovya kijiti cha kiberiti kwenye asali, kikiwaka ni halisi. Au: dondosha tone kwenye glasi ya maji, likizama bila kuyeyuka ni halisi. Au waachie sisimizi, wasipoisogelea ni halisi.

Kijiti kuwaka au kutowaka kunategemea zaidi maji yaliyomo, na sharubati nzito ina maji kidogo pia. Tone huzama kwa sababu ni zito na la kunata, na sharubati nzito ni nzito na ya kunata. Kwa habari ya sisimizi, wao hula asali halisi bila kinyongo. Muuzaji anayetegemea vipimo hivi anamkabidhi mnunuzi silaha ambayo kesho itamgeukia: sisimizi wakipanda kwenye chupa ya asali safi, mama wa Mbezi ataamini ametapeliwa, na aliyemfundisha kuamini hivyo ni muuzaji mwenyewe.

Ukweli ni kwamba hakuna kipimo cha nyumbani kinachotenganisha kwa uhakika asali na sharubati iliyotengenezwa kwa ustadi. Kazi hiyo ni ya maabara. Mojawapo ya njia zake hutazama aina za kaboni: muwa hutengeneza sukari yake kwa njia tofauti na ile ya miti ya miombo, na alama ya muwa hubaki ndani ya sukari. Kijana wetu hana maabara. Afanyeje na hofu iliyo kubwa kuliko zote?

Aandike jambo dogo analoweza kulionesha. Mamlaka ya kimataifa ya viwango vya chakula, Codex, inaweka kikomo cha unyevu wa asali kuwa asilimia 20. Kuna kifaa kidogo cha mkononi, chenye kioo mwishoni, kiitwacho rifraktomita: unapaka tone la asali, unafunika, unatazama kwenye mwanga na kusoma asilimia ya unyevu. Kikundi cha wafugaji nyuki kinaweza kukimiliki kwa pamoja. Akipima kila ndoo na kuandika “Ndoo namba 1: unyevu asilimia 18.2, ilipimwa Juni 14”, hajathibitisha kwamba hakuna sukari. Amethibitisha kwamba anajua kitu ambacho mchakachuaji wa kawaida hakijui wala hajali, na kwamba kila ndoo yake ina namba. Namba ya ndoo ni ahadi: chupa ikileta shida, anajua imetoka wapi na chupa nyingine za ndoo hiyo ziko kwa nani. Mali bila daftari hupotea bila habari, na safari hii kinachoweza kupotea ni jina lake.

Kazi ionekane

Palipobaki pasipopimika, eleza kazi. Si kwa sifa, kwa hatua. Wengi wa warina asali huona hatua zao ni za kawaida mno kuandikwa, kumbe mnunuzi wa mjini hajawahi kuzisikia.

Asali hukomaa ikiwa bado ndani ya mzinga. Nyuki huleta nekta yenye maji mengi, huipepea kwa mabawa hadi maji yapungue, kisha huziba vitundu vya sega kwa nta nyembamba. Sega lililozibwa ni sega lililokomaa. Mrina mwenye haraka hukata hata lile ambalo halijazibwa, hujaza ndoo upesi, na ndoo hiyo huja kuchacha. Kwa hiyo sentensi “tunakata masega ambayo angalau robo tatu yamezibwa, mengine tunawaachia nyuki” inaeleza kwa nini asali hii haitatoa povu. Na inaweza kuoneshwa: picha ya sega lenyewe, karibu, vitundu vikiwa vimefunikwa, kabla halijakamuliwa.

Vivyo hivyo kwa chombo. Asali hushika harufu. Ikiwekwa kwenye dumu lililokuwa na mafuta ya kula, hata likioshwa mara tatu, mnunuzi ataionja harufu hiyo na kudhani asali imechanganywa. “Tunakamulia kwenye ndoo mpya nyeupe yenye kifuniko, tunachuja kwa kitambaa safi mara mbili, tunaiacha itulie siku mbili ili chembe za nta zipande juu, tunaziengua, ndipo tunajaza chupa mpya.” Sentensi hiyo moja ina hatua tano na kila moja ina sababu. Mtu asiyefanya kazi hii hawezi kuitunga vizuri: atasahau kutulia, au atasema nta huzama chini.

Mwanzoni mwa karne iliyopita, mwandishi wa matangazo wa Marekani, Claude Hopkins, alitumwa kuandika tangazo la bia ya Schlitz. Akazunguka kiwandani, akaoneshwa jinsi maji yanavyovutwa kutoka visima virefu na chupa zinavyooshwa kwa mvuke. Akauliza kwa nini hawayasemi hayo, akajibiwa kwamba kila kiwanda cha bia hufanya hivyo. Akayaandika hivyohivyo, na mauzo ya bia hiyo yakapanda sana. Alichokiona ndicho ninachokisema: kazi ya kawaida, ikielezwa kwa mpangilio na mtu wa kwanza kuieleza, huonekana ni kazi iliyofanywa kweli. Kijana wa Busunzu ana mzinga badala ya kiwanda, na moshi badala ya mvuke, lakini hatua anazo.

Sema kasoro kabla haijaonekana

Niliwahi kuagiza asali kutoka nyanda za juu za magharibi kwa mtu nisiyemjua. Ilikuja nzuri, ya rangi ya dhahabu. Wiki ya tatu chini ya chupa pakatokea utando mweupe, baada ya muda nusu yote ikawa kama samli. Nikamwandikia maneno makali kuhusu sukari. Akajibu kwa upole kwamba asali huganda, nami nikamwona mwongo anayejitetea. Miezi baadaye ndipo nilipojifunza kwamba alikuwa mkweli na mimi mjinga. Sikuwahi kumnunulia tena, kwa aibu zaidi kuliko kwa hasira.

Kosa lake lilikuwa la mpangilio tu. Jambo lilelile likisemwa kabla ni elimu, na likisemwa baada ya lawama ni utetezi. Asali huganda kwa sababu sukari yake iitwayo glukosi ni nyingi kuliko kiasi ambacho maji yake machache yanaweza kukishika, kwa hiyo hujitenga ikawa chembe. Huganda upesi zaidi kwenye baridi ya wastani, karibu nyuzi 14 za Selsiasi, na polepole kwenye joto la Dar es Salaam. Usiku wa Juni katika nyanda za Kibondo una baridi ya kutosha kuianzisha kazi hiyo ndani ya ndoo kabla haijasafiri.

Basi aandike: “Asali hii inaweza kuganda na kuwa nyeupe. Haijaharibika. Weka chupa kwenye maji ya uvuguvugu, yasizidi joto ambalo mkono unalivumilia, hadi ilainike. Usiichemshe.” Onyo la kutochemsha lina sababu: joto kali huua harufu na kuongeza kemikali ambayo viwango huitumia kama dalili ya asali iliyochomwa au iliyokaa mno.

Kuna kasoro nyingine mbili anazopaswa kuzitaja. Ya kwanza ni rangi: asali ya ndoo moja si lazima ifanane na ya ndoo nyingine, kwa sababu maua hubadilika na masega ya zamani huikoleza. Ya pili ni onyo ambalo wauzaji hulikwepa: mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali, kwa sababu inaweza kubeba mbegu za bakteria ambazo utumbo wake mchanga hauwezi kuzizuia, zikamletea ugonjwa wa hatari wa kulegeza misuli. Hii ni kweli kwa asali zote, iliyo safi kabisa pia. Muuzaji anayemwambia mteja “mtoto wako mchanga usimpe bidhaa yangu” ametoa ushahidi dhidi ya mfuko wake mwenyewe, na ushahidi wa namna hiyo ndio unaoaminika haraka.

Kwa sababu hiyohiyo afute orodha ya magonjwa. Mtu anayedai chupa moja inatibu tumbo, kifua na ndoa hawezi kuaminiwa anaposema ina lita moja. Na zaidi ya kuaminiwa kuna sheria: Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa.

Nani, wapi, na hela inakwenda kwa nani

“Misitu ya Kigoma” ni anwani ya mtu anayejificha. Mkoa ni mkubwa, misitu ni mingi. “Busunzu, wilaya ya Kibondo” ni anwani inayoweza kuulizwa. Dar es Salaam kuna watu wengi wa Kibondo na Kasulu, na mama wa Mbezi hakosi fundi, jirani au muumini mwenzake wa huko. Atamuuliza: “Busunzu kunarinwa asali?” Jibu litakuwa ushuhuda wa kwanza wa kijana wetu, bila yeye kuuomba. Mahali palipotajwa kwa usahihi panamkopesha muuzaji mpya sifa ambazo yeye bado hana. Ila mkopo huo unalipwa: kama sehemu ya asali ameinunua Kasulu, aandike Kasulu.

Hofu nyingine iko kwenye hela. Mama atasema waziwazi: “Mwanangu, nikituma, halafu usipopatikana?” Kumjibu “niamini, mama” ni kurudi kwenye neno “safi”. Anapotuma pesa kwa simu, jina lililosajiliwa humtokea kabla hajathibitisha. Basi jina hilo liandikwe mapema kwenye maelezo: “Ukilipa, jina litakalotokea ni la baba yangu mdogo, mwenye mizinga; limeandikwa hapa chini. Likitokea jina jingine, usitume.” Jina lisilofanana na la muuzaji, likielezwa mapema, ni jambo la familia. Lisipoelezwa, ni dalili ya wizi.

Picha nazo huibwa. Picha ya chupa inayong'aa inaweza kuwa ya mtu wa nchi nyingine. Dawa yake ni rahisi: mteja akiagiza, ampigie picha chupa zake mwenyewe kando ya karatasi yenye jina la mteja, tarehe na namba ya ndoo. Mzigo ukipakiwa kwenye basi, amtumie picha ya risiti ya mzigo na namba ya simu ya ofisi itakayoupokea stendi ya Magufuli. Kwenye maelezo iandikwe kwamba hayo yatafanyika, ili mnunuzi ajue atakachodai.

Vipi kuhusu alama ya ubora ya TBS? Kama hana, asiibandike, wala asitumie maneno yanayoizunguka kama “imethibitishwa kitaalamu”. Mwenye simu atauliza imethibitishwa na nani. Ofisi ya SIDO ya mkoa ndipo mahali pa kuanzia kwa mjasiriamali mdogo anayeitafuta alama hiyo, na atakapoipata ataandika namba ya leseni, ambayo nayo inaweza kuulizwa.

Beba sehemu ya hatari

Mnunuzi wa mtu asiye na ushuhuda anaibeba hatari yote peke yake: anatoa hela leo kwa kitu cha keshokutwa. Maelezo yanayoaminika humtua sehemu ya mzigo huo. Lakini ahadi isiyo na mipaka haiaminiki pia, maana kila mtu anajua kijana wa ndoo tatu hawezi kurudisha hela za mji mzima.

Apige hesabu kwanza. Ndoo tatu ni lita 60, chupa 60, Sh 900,000 zikiuzwa zote. Chupa tatu zikivuja njiani, amepoteza Sh 45,000. Hilo anaweza kulibeba. Basi aahidi hilo tu, kwa masharti yanayoeleweka: “Chupa ikifika imevuja, piga picha pale pale ofisi ya basi kabla hujaondoka. Nitakutumia nyingine kwenye basi linalofuata au nitakurudishia hela yake, uchague wewe.” Na aweke kikomo upande wa pili: “Oda ya kwanza ni chupa mbili, si zaidi.” Mchuuzi anayekataa kuuza kumi kwa mtu asiyemjua anaonekana wa ajabu, lakini mama wa Mbezi anaelewa mara moja. Tapeli huomba oda kubwa iwezekanavyo mara ya kwanza, kwa kuwa hategemei mara ya pili.

Sasa tuyaunganishe. Haya ndiyo maelezo ya kijana wetu:

“Asali ya nyuki, Busunzu, wilaya ya Kibondo. Mizinga ni ya baba yangu mdogo. Mimi nakamua, nachuja na kuuza. Nimeanza kuuza mjini mwezi huu, kwa hiyo bado sina wateja wa kunishuhudia.

Tumerina Juni 9. Tumekata masega yaliyozibwa robo tatu au zaidi (picha ya 1). Tumekamulia ndoo mpya, tumechuja mara mbili, tumeiacha itulie siku mbili. Haikupashwa moto. Ndoo namba 1, unyevu asilimia 18.2 (picha ya 2).

Chupa ni lita moja, Sh 15,000, bila nauli ya basi. Ikijaa ina gramu 1,460 hadi 1,480 pamoja na chupa. Ipime ukiipokea.

Rangi ni ya chai ya rangi, si ya dhahabu. Inaweza kuganda, ilainishe kwenye maji ya uvuguvugu, usichemshe. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe.

Oda ya kwanza ni chupa mbili. Ukilipa, jina litakalotokea ni la baba yangu mdogo; limeandikwa hapa chini. Likitokea jina jingine, usitume. Kabla ya kupakia nitakutumia picha ya chupa zako na jina lako, kisha risiti ya basi. Ikivuja, piga picha ofisi ya basi, nitakutumia nyingine au nitarudisha hela.”

Hakuna “safi” ndani yake, wala “asilia”, wala “asilimia 100”. Hesabu sentensi ambazo mnunuzi anaweza kuzikamata zikiwa za uongo, utaona ni karibu zote. Na ile ya kukiri kwamba hana wa kumshuhudia ndiyo inayoifanya ile ya kurina Juni 9 iaminike. Aliyesema ukweli unaomuumiza mwanzoni hupewa nafasi ya kusikilizwa katikati.

Maelezo haya yana hatari moja. Yakifanya kazi, yataigwa. Mwongo atanakili neno kwa neno, abadilishe namba ya simu tu. Ndiyo maana yasiachwe yalale. Tarehe ya kurina ibadilike, namba ya ndoo isogee, picha ziwe mpya. Aliyenakili hana ndoo namba 2 ya kupiga picha.

Na ndoo namba 2 ikifunguliwa, ikaonekana imekoza kuliko ya kwanza, na kifaa kikasoma asilimia 19.1, kijana wetu atashawishika kuacha maneno ya zamani kwa kuwa yameshamletea wateja wanne. Afute 18.2, aandike 19.1. Afute “chai ya rangi”, aandike “kahawa”. Wateja wanne wa kwanza wanayo maelezo ya zamani kwenye simu zao, na mmoja wao anayo mizani.